Radi E hadi risasi: mlinganyo uliosawazika na nishati iliyokosekana

Mwaka 1927, katika maabara ya Cavendish pale Cambridge, Charles Ellis na William Wooster walitia sampuli ya radi E, dutu ya mionzi ambayo leo huitwa bismuthi 210, ndani ya kalorimita, chombo cha kupimia joto, ili wajue kila atomu inayooza inatoa joto kiasi gani. Ilikuwa imekwishajulikana kwamba elektroni zenye kasi kubwa kuliko zote kutoka radi E hubeba nishati ya zaidi kidogo ya MeV 1, yaani elektronivolti (eV) milioni moja. Kalorimita ikawapa kama MeV 0.35 kwa kila atomu. Karibu theluthi mbili ya nishati haikuonekana, na chombo hakikuwa kibovu.

Tutakifuata kisa hiki tangu mlinganyo hadi joto. Kinafaa kwa sababu sampuli moja ina aina mbili za kuoza zikifuatana, beta kwanza na alfa baadaye. Tena kinaonyesha jambo ambalo maswali ya mtihani hulificha: mtu anaweza kusawazisha namba zote za juu na za chini bila kosa, na bado mlinganyo wake ukawa na pengo.

Majina ya zamani na milinganyo yenyewe

"Radi E" ni jina la siku ambazo watu walivipa majina vitu walivyovikuta ndani ya mnyororo wa kuoza wa elementi ya radi kabla hawajajua ni elementi zipi. Radi D ni risasi 210, radi E ni bismuthi 210, na radi F ni poloni 210, ile iliyogunduliwa na Marie na Pierre Curie mwaka 1898. Zote ni vizazi vya urani 238, kupitia radi 226 na gesi ya radoni 222. Bismuthi 210 ina nusumaisha, yaani muda wa nusu ya atomu kuoza, ya siku 5.01. Poloni 210 ina siku 138.4. Risasi 206 inayofuata ni imara, na mnyororo unaishia hapo.

Hatua ya kwanza ni beta:

²¹⁰₈₃Bi → ²¹⁰₈₄Po + ⁰₋₁e + ...

Nukta tatu zimeachwa kwa makusudi, tutazirudia. Namba ya juu ni namba ya tungamo, yaani hesabu ya protoni na nyutroni kwa pamoja. Ya chini ni chaji. Juu: 210 = 210 + 0. Chini: 83 = 84 + (−1).

Kosa la kawaida kabisa hapa ni kuandika risasi 210 badala ya poloni 210. Mwanafunzi anafikiri kwamba beta imetoka, kwa hiyo kitu kimepungua, basi 83 ishuke iwe 82. Lakini kilichotoka kina chaji hasi. Ukitoa hasi, kinachobaki kinakuwa chanya zaidi. Ndani ya kiini nyutroni moja imegeuka protoni, na elektroni imezaliwa papo hapo ikatoka. Haikuwa imekaa ndani ya kiini ikisubiri, wala si mojawapo ya elektroni zinazozunguka atomu. Atakayeijumlisha safu ya chini baada ya kuandika risasi atapata 82 + (−1) = 81, na kosa litajitangaza lenyewe.

Hatua ya pili ni alfa:

²¹⁰₈₄Po → ²⁰⁶₈₂Pb + ⁴₂He

Juu 210 = 206 + 4, chini 84 = 82 + 2. Kwenye alfa watu hukosea kwa namna nyingine: wanapunguza 4 juu, wanapunguza 2 chini, kisha wanasahau kubadili alama ya elementi, wakabaki na "Po" yenye 82. Namba ya chini ndiyo inayoipa elementi jina lake. Tafuta kwanza namba, halafu nenda kwenye jedwali la elementi uulize ya 82 ni nani.

Matungamo ya kutumia

Nishati inayotolewa, ambayo huandikwa Q, hutoka kwenye tungamo linalopungua. Unachukua tungamo la kilichokuwepo mwanzo, unatoa jumla ya matungamo ya vilivyopatikana, na tofauti unaizidisha kwa 931.494 ili kupata MeV. Hapo hesabu ni ya kutoa tu. Ugumu uko katika kuchagua tarakimu.

Hizi ndizo tunazohitaji, kwa u, kipimo cha tungamo la atomu, kutoka kwenye majedwali ya matungamo ya atomu za isotopu:

Bismuthi 210: 209.984120
Poloni 210: 209.982874
Risasi 206: 205.974465
Heli 4: 4.002603

Usichukue namba zilizo kwenye jedwali la kawaida la elementi linalobandikwa ukutani. Pale bismuthi imeandikwa 208.980, nalo ni tungamo la bismuthi 209, isotopu inayopatikana kwenye madini. Risasi imeandikwa 207.2, na hiyo ni wastani wa isotopu kadhaa zilizochanganyika. Poloni mara nyingi huwa na 209 tu ndani ya mabano. Ukiziingiza hizo kwenye hesabu ya Q utapata maelfu ya MeV, au jibu hasi. Jibu la kuoza kwa alfa kwa viini vizito huangukia kati ya MeV 4 na 9 hivi, na la beta mara nyingi huwa chini ya MeV chache. Jibu likitoka nje sana ya hapo, anza kukagua mahali ulikotoa matungamo kabla hujagusa kitu kingine.

Sasa hesabu ya alfa:

205.974465 + 4.002603 = 209.977068
209.982874 − 209.977068 = 0.005806 u
0.005806 × 931.494 = 5.408 MeV

Na ya beta:

209.984120 − 209.982874 = 0.001246 u
0.001246 × 931.494 = 1.161 MeV

Angalia ukubwa wa ile tofauti. Tunatoa namba ya 209 na ushee kutoka namba nyingine ya 209 na ushee, na kinachobaki kiko kwenye tarakimu ya tatu baada ya nukta. Anayekata tarakimu mapema anakata jibu lenyewe. Ukiandika 209.98, 205.97 na 4.00, Q ya alfa inakuwa 9.3 MeV badala ya 5.4. Ukibaki na tarakimu tatu, 209.983 − 205.974 − 4.003, unapata 5.6. Kwa beta, tarakimu tatu zinakupa 0.93 badala ya 1.16. Kwa hiyo beba tarakimu zote sita hadi mwisho wa kutoa, ndipo ukate. Hata hivyo usijivunie tarakimu ya nne ya jibu: moja kwenye nafasi ya sita ya u ni karibu MeV 0.001, na majedwali yenye tarakimu nyingi zaidi hutoa 5.407 kwa poloni, si 5.408.

Kuna njia ya kujikagua isiyohitaji kitabu cha majibu. Toka bismuthi 210 moja kwa moja hadi risasi 206 na heli, ukiiruka poloni:

209.984120 − 209.977068 = 0.007052 u, sawa na 6.569 MeV

Na 1.161 + 5.408 = 6.569. Tungamo la poloni limeingia mara moja kama kilichopatikana na mara moja kama kilichooza, kwa hiyo limejifuta. Kama jumla zako mbili hazilingani, umekosea kutoa mahali fulani.

Elektroni zilizojificha ndani ya namba

Mlinganyo tumeuandika kwa viini. Matungamo tuliyotumia ni ya atomu nzima, pamoja na elektroni zake. Wengi hupotea hapa, tena wale makini ndio hupotea zaidi, kwa sababu wanajaribu kurekebisha kitu ambacho kimekwisha kujirekebisha.

Chukua alfa kwanza. Atomu ya poloni ina elektroni 84. Atomu ya risasi ina 82 na ya heli ina 2, jumla 84. Elektroni ziko sawa pande zote mbili, zinafutana, na tofauti inayobaki ni ya viini peke yake. Lakini mwanafunzi anasoma kwamba chembe alfa ni kiini kitupu cha heli, anatafuta tungamo lake, anapata 4.001506, analiweka badala ya 4.002603 huku poloni na risasi akiziacha kama atomu. Anapata 0.006903 u, yaani 6.430 MeV. Limezidi jibu sahihi kwa MeV 1.022 kamili.

Namba hiyo 1.022 inafaa kukumbukwa. Tungamo la elektroni moja ni sawa na MeV 0.511, na mbili ni 1.022. Jibu lako likipishana na la kitabu kwa 0.511 au 1.022, umehesabu elektroni vibaya, na huna haja ya kutafuta kosa pengine.

Kwenye beta kosa linakwenda upande wa pili. Mlinganyo unaonyesha elektroni upande wa kulia, kwa hiyo mtu anaona ni lazima atoe tungamo lake, 0.000549 u:

0.001246 − 0.000549 = 0.000697 u, sawa na 0.649 MeV

Si sahihi, na sababu ni hii. Atomu ya bismuthi ina protoni 83 na elektroni 83. Kiini kinapotoa beta kinabaki na protoni 84, lakini elektroni zinazokizunguka bado ni 83. Kilichopatikana ni ioni ya poloni yenye chaji chanya moja, pamoja na elektroni moja iliyoruka. Ioni na elektroni hiyo zikihesabiwa pamoja zina tungamo la atomu moja kamili ya poloni. Tulipoandika 209.982874, atomu yenye elektroni 84, tulikuwa tumekwisha kuihesabu ile beta. Kuitoa tena ni kuilipia mara mbili. (Nishati ndogo inayozifunga elektroni kwenye atomu tumeiacha. Kwa usahihi tunaoutumia hapa haina uzito.)

Kanuni hii haihamishiki kwenye beta chanya. Pale atomu inayopatikana ina elektroni moja pungufu, na positroni, yaani elektroni yenye chaji chanya, nayo imezaliwa, kwa hiyo kutoka kwenye tofauti ya matungamo ya atomu ni lazima utoe elektroni mbili, yaani MeV 1.022. Aliyekariri kwamba "kwenye beta elektroni hazihesabiwi" bila kujua kwa nini atakwama siku atakapokutana na sodi 22.

Nani anaondoka na nini: upande wa alfa

Q ni jumla. Mlinganyo ndio unaosema jumla hiyo inagawanywa kati ya wangapi.

Poloni inapooza kuna wawili tu: alfa na kiini cha risasi. Poloni ilikuwa imetulia, kwa hiyo momenta, yaani tungamo mara kasi, lazima iwe sawa kwa wote wawili na kuelekea pande zinazopingana. Kwa momenta sawa, chepesi ndicho kinachobeba nishati nyingi, kama risasi ya bunduki inavyoruka mbali huku bunduki ikipiga teke tu begani. Mgawanyo unafuata matungamo, na namba za tungamo zinatosha:

Nishati ya alfa = 5.408 × 206/210 = 5.305 MeV
Nishati ya kiini cha risasi = 5.408 × 4/210 = 0.103 MeV

Nishati ya alfa za poloni 210 inayopimwa ni MeV 5.304, na tofauti ya 0.001 ni ile ya tarakimu ya sita tuliyoitaja. Kwa kuwa mgawanyo wa watu wawili hauna uhuru wowote, kila alfa inatoka na nishati ileile. Kwenye kipimaji inaonekana kama mstari mmoja mwembamba. Mara chache mno, kama moja katika kila mara 100,000, risasi 206 inaachwa katika hali ya kusisimka, alfa inatoka na MeV 4.52 tu, kisha fotoni ya gama ya MeV 0.803 inafuata. Jumla ukiihesabu pamoja na teke la risasi inabaki 5.41.

Tofauti ya 5.408 na 5.305 ina maana kwa mtu wa maabara. Matope ya chini ya maziwa, likiwamo Ziwa Viktoria, hupimwa umri kwa risasi 210, na njia moja inayotumika sana ni kuhesabu alfa za poloni 210 iliyozaliwa humo. Kipimaji cha alfa kinasoma nishati ya alfa peke yake. Atakayekitafuta kilele kwenye 5.41 kwa sababu ndiyo Q aliyohesabu ataangalia mahali pasipo na kitu. Kilele kiko 5.30.

Ile MeV 0.103 ya risasi nayo si ya kudharau. Muungo wa kikemia unavunjika kwa eV chache, na hapa kuna eV 103,000 mikononi mwa atomu moja nzito. Teke hilo linaweza kuzing'oa atomu za jirani kutoka kwenye uso wa sampuli. Ndiyo sababu mojawapo chanzo cha poloni kilichoachwa wazi huchafua vitu vilivyo karibu nacho, hata ndani ya kipimaji.

Upande wa beta, na zile nukta tatu

Tufanye sasa hesabu hiyohiyo kwa bismuthi 210, tukidhani kuna wawili tu: elektroni na kiini cha poloni. Hapa fomula rahisi ya nishati mwendo, nusu ya tungamo mara kasi kwa kipeo cha pili, haifai, maana MeV 1.161 ni zaidi ya mara mbili ya tungamo la elektroni lenyewe. Tunatumia ya uhusianifu, ambamo p ni momenta, c ni kasi ya mwanga na K ni nishati mwendo:

(pc)² = K² + 2K × 0.511 = 1.348 + 1.187 = 2.535 MeV²

Tungamo la kiini cha poloni ni kama MeV 195,600, kwa hiyo teke lake ni 2.535 ÷ (2 × 195,600), yaani kama eV 6.5. Si MeV, ni eV. Kiini hakichukui chochote cha kutajwa. Kama ni wawili tu, kila elektroni ingetoka na MeV 1.161, na spektra, yaani mgawanyo wa nishati zao, ingekuwa mstari mmoja kama wa alfa.

Spektra iliyopimwa haikuwa hivyo. Elektroni za radi E zinatoka na kila nishati kuanzia karibu sufuri hadi kikomo cha juu. Mwanafizikia Lise Meitner aliamini kwamba zote huzaliwa na nishati moja, kisha baadhi hupoteza sehemu yake njiani kwa kugongana kabla hazijafika kwenye kipimaji. Ni wazo la busara, na linapimika. Ukiifunga sampuli ndani ya kalorimita yenye kuta nene za kutosha, kila kilichopotea njiani kitageuka joto humohumo. Wazo likiwa kweli, joto kwa kila atomu lingefika kwenye kikomo cha juu cha spektra. Elektroni zikiwa zimezaliwa na nishati tofauti tangu mwanzo, joto lingekuwa sawa na wastani wa spektra.

Ellis na Wooster walipata wastani. Meitner na Wilhelm Orthmann wakarudia jaribio kwa vifaa vyao wenyewe, wakathibitisha. Leo wastani wa nishati ya beta za bismuthi 210 unajulikana kuwa MeV 0.389, karibu sana na 0.35 ya mwaka 1927. Q ni 1.161. Zinakosekana 0.772 kwa kila atomu, kwa wastani.

Niels Bohr alikuwa tayari kufikiri kwamba ndani ya kiini nishati huenda haihifadhiwi kila mara. Wolfgang Pauli alichukua njia nyingine. Katika barua ya Desemba 1930 alipendekeza kwamba kuna chembe ya tatu, isiyo na chaji, nyepesi mno, inayopita kuta za kalorimita bila kuacha joto. Enrico Fermi ndiye aliyeieneza kwa jina la nyutrino, na mwaka 1956 Frederick Reines na Clyde Cowan waliinasa karibu na tanuri la nyuklia. Inayotoka kwenye beta hasi tunaiita antinyutrino, na mlinganyo kamili ni huu:

²¹⁰₈₃Bi → ²¹⁰₈₄Po + ⁰₋₁e + ⁰₀ν̄

Kwenye safu zetu mbili antinyutrino ina sufuri juu na sufuri chini. Ndiyo maana kuisawazisha milinganyo kwa namba ya tungamo na chaji hakukuweza kuifichua. Unaweza kuongeza au kuondoa sufuri upendavyo na hesabu ikakubali.

Lakini ipo safu ya tatu iliyokuwa ikilalamika tangu zamani, nayo Pauli aliiona: spini, kipimo cha mzunguko wa asili wa kila chembe. Kila protoni, kila nyutroni na kila elektroni ina spini ya nusu. Kiini chenye chembe 210, hesabu shufwa, lazima kiwe na spini isiyo na nusu. Bismuthi 210 ina 1 na poloni 210 ina 0. Weka elektroni peke yake upande wa kulia na unapata sufuri pamoja na nusu. Mzunguko wa elektroni kukizunguka kiini huongeza namba kamili tu, kwa hiyo hauwezi kuifuta nusu hiyo. Kushoto namba kamili, kulia namba yenye nusu: haisawaziki kwa vyovyote. Ongeza chembe nyingine yenye spini ya nusu, na pande zote mbili zinakuwa na namba kamili. Anayetaka kujua haraka kama mlinganyo wa beta una chembe iliyosahauliwa na aihesabu safu hii. Inatoa jibu bila kalorimita.

Joto la sampuli inayochanganyika

Jaribio la radi E lina mtego mwingine wa kivitendo. Sampuli haibaki bismuthi tupu. Kila atomu ya bismuthi inayooza inaacha atomu ya poloni mahali pake, na poloni inatoa 5.408 MeV inapooza, yote ikigeuka joto. Ukianza na bismuthi 210 safi na kupima joto lake siku baada ya siku, unapima vitu viwili vyenye mwendo tofauti.

Hebu tuangalie siku ya 8. Uwezekano wa kuoza kwa siku ni ln 2 gawanya kwa nusumaisha: 0.1383 kwa bismuthi, 0.00501 kwa poloni. Kwa kila atomu 1,000 za mwanzo, zimebaki bismuthi 331, na poloni zilizopo ni 654. Zilizobaki zimekwisha kuwa risasi. Bismuthi inaoza kwa kiwango cha 331 × 0.1383, karibu 45.7 kwa siku. Poloni inaoza kwa 654 × 0.00501, karibu 3.3 tu. Sasa zidisha kwa nishati inayobaki kwenye chombo:

Bismuthi: 45.7 × 0.389 = 17.8 MeV kwa siku
Poloni: 3.27 × 5.408 = 17.7 MeV kwa siku

Bismuthi inaoza mara 14 zaidi, lakini joto lao limekuwa sawa. Baada ya hapo poloni inatawala. Asiyejua hili, akapima wiki ya pili na kuligawanya joto lote kwa idadi ya beta alizohesabu, atapata namba kubwa mno na kudhani ameipata ile nishati iliyopotea.

Kwenye mistari hiyo miwili tumetumia namba za aina mbili. Kwa bismuthi tumetumia wastani wa elektroni, 0.389, kwa sababu sehemu ya antinyutrino haibaki chomboni. Ukiweka Q nzima, 1.161, utatabiri joto mara tatu ya lile litakaloonekana siku ya kwanza. Kwa poloni tumetumia Q nzima, 5.408, si 5.305, kwa sababu teke la risasi nalo linaishia kuwa joto ndani ya chombo hichohicho. Kipimaji cha alfa hakilioni teke hilo, ila kalorimita inaliona.

Kwa gramu moja ya poloni 210 tofauti hii inahisika mkononi, kama ingewezekana kuishika. Gramu ina atomu 2.87 × 10²¹. Uwezekano wa kuoza kwa sekunde ni 5.80 × 10⁻⁸, kwa hiyo zinaoza 1.66 × 10¹⁴ kila sekunde. MeV 5.408 ni joule 8.66 × 10⁻¹³. Zidisha: wati 144. Ukitumia nishati ya alfa peke yake unapata 141, na wati 3 za teke la risasi zinakosekana kwenye karatasi ingawa kwenye chombo zipo.

Joto la namna hii ndilo lililotumika kukinga baridi ndani ya Lunokhod 1, gari la Kisovieti lililotua mwezini Novemba 1970, wakati wa usiku wa mwezi unaodumu kama wiki mbili za kwetu. Nusumaisha ya siku 138 haisubiri mtu: gramu iliyoanza na wati 144 inatoa kama wati 32 baada ya siku 300.